Barua ya Daraja la Kitopeni

Daraja la Kitopeni lilipokwisha kujengwa, watu wote walipita juu yake isipokuwa mmoja. Mmanga bin Duni, mwandishi wa barua wa Mtambile, alikuwa akifika ukingoni anangoja maji yapwe, anavua makubadhi, anakunja kikoi mpaka magotini na kuvuka topeni kwa miguu, chini ya daraja lile lile lililopatikana kwa kalamu yake mwenyewe. Vijana walimcheka. "Mzee Mmanga, yakhe, huko juu kuna miiba?" Yeye akazidi kupiga hatua, matope yakimruka mpaka kiunoni. Wakaamua kwamba ni kiburi cha uzee.

Kiburi! Lau wangejua kiburi chake kilikaa wapi, na kilimtoka siku gani.

Zamani hizo, vita vya Wajerumani vya pili vikiwa ndiyo kwanza vimekwisha, Mmanga alikuwa mtu wa kutafutwa. Alikaa kwenye baraza ya duka pale Mtambile na kijimeza chake, wino, na miwani iliyofungwa uzi sikio moja. Aliyetaka kumwandikia Bwana DC, kadhi, au mtoto wake aliyezamia Mombasa, alikwenda kwa Mmanga. Na barua zake, nakwambia, zilikuwa zinasomeka kama mtu anakufukizia udi. Salamu nusu ukurasa. Kisha dua. Kisha sifa za anayeandikiwa. Haja yenyewe inakuja chini kabisa, imefunikwa vizuri, inachungulia tu. Hiyo ndiyo adabu aliyofunzwa, na ndiyo adabu ya kwetu: ukienda kumwomba mkubwa humtupii shida yako usoni. Unaizunguka, unaigusa kidogo, na yeye kama ni muungwana anaifahamu na kuimaliza mwenyewe.

Sasa, Kitopeni iko ng'ambo ya hori, mkono wa bahari unaoingia katikati ya mikoko. Maji yakipwa watu wanavuka kwa miguu kwenda Mtambile, kwenye duka, skuli na dispensari. Maji yakijaa, basi. Siku za bamvu, maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yanafunga njia tangu adhuhuri mpaka karibu na magharibi, na tena vivyo hivyo usiku. Utasema, na ngarawa je? Ngarawa mchana ziko baharini na wenyewe. Hata ukiipata moja, maji ya nusu hayatoshi kuiwezesha kuelea wala hayavukiki kwa miguu, na yakijaa kweli mikoko ya ng'ambo haikupi pa kutia nanga. Wenye Kitopeni walikuwa wamezoea. Walizaliwa wakayakuta maji, wakasema ndiyo Kitopeni.

Ikaja habari kwamba huko Unguja kuna kamati ina fungu la serikali la kusaidia vijiji, na kila mwaka inakaa mara moja kusoma maombi. Mzee Jecha, sheha wa Kitopeni, akavuka na watu wanne mpaka kwa Mmanga. "Tuandikie, bwana. Twataka daraja. Lakini tuandikie ya haja, wajue Kitopeni kuna watu."

Nyuma yao alikuja mwanamke peke yake, Bi Mwatima binti Nyange, mkunga wa Kitopeni. Mama mzima, mfupi, mkavu, hajui kusoma hata jina lake. Aliwaacha wanaume watangulie kuondoka, kisha akaja mbele ya kijimeza.

"Mmanga, nisikilize. Katika miaka mitano hii nimewaleta wanawake tisa ukingoni wakiwa na uchungu ulionishinda, nikakuta maji yamejaa. Tisa. Watatu walikufa mikononi mwangu nikitazama paa la dispensari. Na majina yao nakupa."

Akayataja, mmoja mmoja, na baba zao, na miezi. Mmanga alisikiliza huku anaona haya. Hakuandika hata moja.

Alipomfikishia sheha maneno yale, Mzee Jecha aliruka. "Lahaula! Matumbo ya wake zetu yasomwe ofisini na Wazungu? Na makarani wa kiume? Hapana, Bwana Mmanga. Tusitiri."

"Nami nimeona hivyo hivyo," alisema Mmanga, na alisema kweli. Sitara ilikuwa sababu moja. Ya pili hakumwambia mtu: watu watatu waliokufa matopeni walikuwa wanamharibia barua yake. Haikuwa na pahala pa kuwaweka.

Basi akaandika kwa siku mbili. Alipofika penye haja aliweka sentensi aliyoipenda mpaka akawasomea waliokaa barazani: "Sisi raia wenu watiifu wa Kitopeni, kwa unyenyekevu na moyo mkunjufu, twaomba daraja kwa manufaa ya watu wote, maendeleo na ustawi wa kijiji chetu, nasi tutashukuru daima dawamu." Muuza kahawa akasema, "Wallahi hapa hata jiwe litakubali." Mmanga akajifanya kama hakusikia, lakini kahawa ile alikunywa vikombe vitatu.

Majibu yalikuja baada ya miezi mitano, mistari miwili: kamati imesoma, kamati haikuona haja.

Haikuona haja! Mmanga alikunja ile karatasi, akapanda gari la mkaa na magunia mpaka Mkoani, kwenye ofisi ya wilaya, kwa karani mmoja aitwaye Khatib Msellem. Huyu Khatib ndiye aliyekuwa akizigeuza barua za watu ziwe Kiingereza kabla hazijapelekwa Unguja. Kijana wa suruali, lakini na adabu zake. Alimkaribisha kiti.

"Shikamoo, Mzee Mmanga. Najua kilichokuleta."

"Marahaba. Kama wajua, basi niambie. Ulinitafsiria vibaya?"

Khatib akacheka kidogo, cheko la mtu asiyetaka kuumiza. Akatoa nakala yake. "Nilikaa na sentensi yako hii asubuhi nzima. Kwa Kiswahili tamu. Nilipoivua salamu na unyenyekevu, kilichobaki ni kwamba watu wanataka daraja kwa sababu daraja ni zuri. Mwaka huu zimekuja barua arubaini, mzee. Zote zina manufaa, zote zina maendeleo. Huyu ataka kisima kwa manufaa, huyu ataka banda la samaki kwa maendeleo. Wale mabwana hawajapata kuiona Kitopeni. Watachagua vipi?"

"Mtu mwenye akili atafahamu. Kijiji kimekatwa na maji!"

"Uliandika wapi kwamba kimekatwa na maji?"

Mmanga akaitazama nakala. Hori halikuwamo. Maji hayakuwamo.

"Wanataka kujua mambo mawili," Khatib alisema polepole. "La kwanza, nini kinawapata watu leo kwa sababu daraja hakuna: nani, wangapi, mara ngapi. La pili, likiwapo daraja nini kitabadilika, kitu ambacho mtu akija mwaka wa pili ataweza kukiuliza na kukiona. Shukurani zenu daima dawamu hawana pa kuzipimia. Kamati itakaa tena baada ya mavuno ya karafuu. Niletee nyingine kabla ya hapo, Mzee Mmanga. Unao watu wowote waliodhurika na yale maji?"

Hapo ndipo. Ukitaka kujua mlango wa majuto ya Mmanga uko wapi, ni pale, kwenye kiti cha ofisi ya Mkoani, na swali lile limekaa mbele yake. Alikuwa na majina tisa kichwani. Alikuwa na watatu waliokufa. Lakini aliyekuwa akimfundisha kuandika alikuwa kijana wa umri wa mwanawe, tena mwenye suruali, na moyo wake ulikuwa umevimba.

"Nitatazama," alisema, akaaga.

Hakutazama. Karafuu ziliiva, watu wakapanda mikarafuuni, yeye akaandika barua za wenye mashamba. Kila alipouchukua ukurasa mweupe kwa ajili ya Kitopeni aliisikia sauti ya Khatib ikimwambia manufaa yake ni bure, akauweka chini. Alijiambia kwamba sheha hatakubali. Alijiambia kwamba mambo ya wanawake hayaandikiki. Yote hayo yalikuwa na ukweli kidogo, na yule mtu aliutumia ukweli huo kidogo kujifunika gubigubi. Kamati ikakaa, ikagawa fungu lake, ikaondoka, na barua ya Kitopeni haikuwamo.

Bi Mwatima alikuwa na binti mmoja tu, Mize. Mwaka uliofuata, siku ya bamvu, Mize alishikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza tangu alfajiri, na mtoto alikuwa amekaa vibaya. Mama yake alijaribu alichokijua. Asubuhi maji yalikuwa yamepwa, lakini Mwatima, Mungu amrehemu, alidhani ataweza, maana mikono yake imewatoa wengi. Alipokata tamaa na wanaume wakaja na kitanda, ilikuwa adhuhuri imeshapita na njia imeshafunga.

Mtu mmoja alipiga kelele kutoka upande wa Kitopeni. Huku Mtambile, Moza, mkunga wa serikali wa dispensari, alitoka mbio na mkoba wake. Alipita mbele ya baraza, mkoba unamtoka mkononi, na Mmanga akaupokea akamfuata. Wakafika ukingoni wote wawili, wakasimama.

Pale hori si pana. Uso wa mtu unauona, maneno yake huyapati. Mmanga aliwaona wanawake wa Kitopeni wamekiweka kitanda kwenye kichuguu cha mchanga na kukizungushia kanga, kila mmoja ameshika ncha mbili, mikono juu, wamewapa wanaume migongo. Walimsitiri Mize. Kanga zile zilipigwa na upepo, mikono ikachoka, wakapokezana, na maji yakaendelea kupanda. Moza alikuwa akiita kwa sauti yote, "Mgeuze ubavu! Ubavu wa kushoto!" na sauti yake ikafia mikokoni.

"Chombo hakuna kabisa, Mzee Mmanga?" aliuliza.

"Hakuna, mwanangu."

"Miye nimesomea haya," Moza alisema akilia. "Haya ndiyo niliyosomea."

Mmanga alikuwa ameukumbatia mkoba kifuani. Humo ndani vyombo viligongana kila alipoinama kutazama maji. Kabla ya magharibi, maji yameanza kurudi nyuma lakini bado yako kifuani kwa mtu mzima, aliziona zile kanga zinashushwa, moja baada ya nyingine. Ya mwisho haikukunjwa. Waliitandika juu ya kitanda, ikafunika kila kitu.

Jamani, mtu huyu alirudi nyumbani hakula.

Siku ya tatu, matanga yakianuliwa, alivuka maji yakiwa yamepwa, akamkuta Bi Mwatima amekaa mkekani na wenzake. Alimpa mkono wa pole. Kisha, badala ya kuondoka kama wenziwe, alibaki amesimama uani mpaka yule mama akatoka.

"Bi Mwatima, nimekuja kukuomba ruhusa. Nataka kuandika upya. Nataka yale uliyoniambia."

Bi Mwatima aliurudishia mlango nyuma yake. "Yale nilikwambia mwaka juzi," alisema.

"Najua."

"Hukuyaandika?"

"Sikuyaandika."

Hakupiga kelele. Heri angepiga. Alichukua kigoda akakaa, akamwonyesha na yeye pa kukaa. "Lete karatasi," alisema.

Mzee Jecha naye aliitwa, akafika akiwa na yale maneno yake ya sitara mdomoni. Bi Mwatima hakumngoja amalize. "Sheha, mwanangu nimemsitiri kwa kanga mchana kutwa mbele ya macho yako. Nimemsitiri sana. Sasa acha aandikwe." Mzee Jecha akainamisha kichwa, na tangu hapo hakuitaja tena sitara.

Mmanga akaandika sentensi ya kwanza, akasoma: "Akina mama wengi wa Kitopeni hupata taabu kubwa..."

"Wengi ndio wangapi?" aliuliza Bi Mwatima.

Akakata. "Wanawake kumi."

"Na taabu gani? Hata mwenye kuumwa jino ana taabu. Sema."

Akakata tena. Mkono wake ulizoea kwenda kwenye maneno laini, na kila ulipokwenda huko yule mama aliurudisha. Alipoandika "kwa muda mrefu" alimuuliza ni tangu lini. Alipoandika "daraja litatuletea faida" alimuuliza faida gani, kwa nani, saa ngapi. Akafika penye idadi ya waliofariki, kalamu ikasita.

"Andika wanne," alisema Bi Mwatima. "Wa nne ni Mize. Jina usilitie. Yeye mtie kwenye hesabu tu."

Jua lilipokuwa linakwenda upande, sentensi ilikuwa imekwisha. Haikuwa na udi wala marashi. Mmanga akasoma kwa sauti:

"Katika miaka sita wanawake kumi wa Kitopeni wenye uchungu wa kuzaa walizuiwa na maji ya hori wasifike dispensari ya Mtambile, na wanne kati yao walikufa; maji hayo hufunga njia mara mbili kila siku, na siku za bamvu muda wa saa tano kila mara. Twaomba saruji, vyuma na fundi mmoja. Mawe, boriti na kazi ya mikono tutatoa wenyewe. Daraja likisimama mgonjwa atavuka saa yoyote na kufika dispensari kwa nusu saa, na kila mwaka mkunga wetu Mwatima binti Nyange ataeleza mbele ya Bwana DC ni wangapi waliozuiwa na maji, ili ijulikane kama kazi imefaa au haikufaa."

"Na salamu?" aliuliza Mzee Jecha kwa sauti ndogo.

"Salamu mstari mmoja," alisema Mmanga. "Zatosha."

Aliipeleka Mkoani mwenyewe. Khatib aliisoma akiwa amesimama, kisha akakaa akaisoma tena. Hakuuliza kwa nini imechelewa. Aliigeuza Kiingereza siku ile ile, na alisema baadaye kwamba haikumchukua hata robo saa.

Kamati ilipokaa tena, ilikubali kikao kile kile. Khatib alipompa Mmanga karatasi ya kibali, alimshika mkono kwa mikono miwili. "Hongera, mzee. Yasemekana sentensi yako ilisomwa mara moja tu, hakuna aliyebisha."

Mmanga hakuachia mkono. "Khatib, mwanangu, niambie kweli, usinionee haya. Lau ile barua ya kwanza ingekuwa na tisa badala ya kumi. Na watatu badala ya wanne. Wangekubali?"

Khatib akatazama meza. Alikuwa ameshaisikia habari ya Mize. Pemba ni ndogo. "Mzee Mmanga," alisema, "hata mmoja angetosha."

Watu wa Kitopeni walibeba mawe msimu mzima. Wanawake walitia mchanga kwenye vikapu, wanaume walikata boriti, fundi akaja na vyuma vyake, na mwaka wa arubaini na tisa daraja likasimama. Siku ya kulifungua Mzee Jecha alichinja mbuzi upande wa Kitopeni. Mmanga aliitwa, akavuka asubuhi na mapema maji yakiwa chini, daraja likiwa bado limezuiwa kwa kamba. Walimsifu mpaka masikio yakamwasha. Sheha alisema kalamu ya Bwana Mmanga ina baraka, watu wakaitikia. Yeye aliinamia sahani yake ya pilau.

Watu walipotawanyika, Bi Mwatima alimfuata. Alikuwa amezeeka zaidi ya miaka miwili ile.

"Mmanga. Miye sijui mambo ya ofisi. Nataka kukuuliza kitu kimoja."

"Niulize, mama."

"Ile barua ya kwanza. Lau ungewaandika wale watatu niliokutajia. Wangetupa daraja?"

Maneno yalimjia yote. Kwamba siku ya mtu ya kufa imeshaandikwa. Kwamba aliyejua ni Mungu peke yake. Kwamba kamati ile ya kwanza ilikuwa na watu wengine. Yalikuwa mazuri, laini, yenye adabu, na hakuna ambaye angemlaumu kwa kuyasema.

"Wangetupa," alisema Mmanga.

Bi Mwatima aliitikia kwa kichwa polepole, mara moja, kama mtu aliyepewa kitu chake alichokuwa akikidai kwa muda. Alijitandia kanga yake vizuri. "Haya," alisema. "Jua limekuwa kali. Daraja hilo hapo, pita uende kwenu." Akageuka akarudi nyumbani kwake.

Mmanga alikwenda mpaka mwanzo wa daraja. Kamba ilikuwa imeshafunguliwa, watoto wanakimbia huku na huko kwa furaha, boriti zinanukia mbichi. Ilikuwa siku ya bamvu, adhuhuri imeshapita, maji yamejaa mpaka kwenye mizizi ya mikoko. Aliweka mguu mmoja juu ya ubao wa kwanza, akautoa. Akateremka ukingoni, kwenye kile kichuguu cha mchanga, akavua makubadhi yake, akakaa akangoja maji yapwe. Yalipwa karibu na magharibi.